Usemi wa taarifa: namna ya kutopotea ndani ya "a-" na "-ake"

Usemi wa taarifa ni kuripoti maneno ya mtu bila kuyanukuu. Wengine huuita hotuba ya taarifa. Hotuba ni ile ya jukwaani; hapa tunasema usemi, na ndilo neno utakalolikuta kwenye Karatasi ya Pili ya KCSE, katika sehemu ya matumizi ya lugha yenye alama 40. Nitaandika zaidi juu ya nafsi. Huko ndiko alama zinakomwagika, na ndiko hata muhtasari wa kikao cha chama unakozua ugomvi kuhusu nani aliahidi kumlipa nani.

Tutafanya mfano mmoja hadi mwisho. Atieno anauza samaki Dunga, Kisumu. Wekesa ni mwendeshaji boda boda.

"Wekesa, nilimwona ndugu yako kule Kondele jana. Akikupigia simu, mwambie nitamletea pesa zake kesho," Atieno alisema.

Hatua ya 1: Wape watu nambari

Chukua penseli. Anayesema ni 1, anayeambiwa ni 2, anayetajwa tu ni 3. Hapa Atieno ni 1, Wekesa 2, ndugu 3. Andika nambari juu ya kila kiambishi cha mtu kabla hujabadilisha chochote:

ni(1)-li-mw(3)-ona ndugu ya-ko(2). A(3)-ki-ku(2)-pigia simu, mw(3)-ambie(2) ni(1)-ta-m(3)-letea pesa za-ke(3).

Tazama "mwambie". Hakina kiambishi cha mtenda, lakini anayeamriwa yupo: ni 2. Ukimsahau sasa, atakusumbua baadaye.

Kuna jedwali la kukariri, lile la "ni- huwa a-, -angu huwa -ake". Mimi silipendi. Linakueleza umbo litakuwa lipi, halikwambii umbo hilo ni la nani.

Hatua ya 2: Chagua kitenzi cha kuripoti

"Alisema" hakimpokei anayeambiwa. Ukiandika "alisema Wekesa kwamba...", msomaji ataelewa kuwa Wekesa ndiye aliyesema. Akiwepo wa kuambiwa, tumia -ambia, na usiache kiambishi chake: "alimwambia Wekesa", si "aliambia Wekesa". Kosa hili la pili limejaa kuanzia Nakuru hadi Busia.

Kiunganishi changu ni "kwamba". "Kuwa" ni sahihi pia, lakini mara nyingi kinachofuata ni "alikuwa", na "alisema kuwa alikuwa" inachosha sikio. "Ati" iache barabarani, maana inaonyesha huamini ulichoambiwa. Wenye Dholuo kinywani huteleza nayo kwa urahisi kwa sababu "ni" yao, kama katika "nowacho ni", hubeba maneno halisi na ya taarifa bila kubagua. Ndiyo maana unasikia "alisema ati nitakuja", nusu huku, nusu kule. Katika Lubukusu kiunganishi chenyewe hufuata msemaji: "ali" kwa mmoja, "bali" kwa wengi. "Kwamba" haigeuki. Ilitoka katika kitenzi kuamba, yaani kusema, kile kilichotuachia "ambia", na haituelezi ni nani aliyesema. Kazi hiyo inabaki kwa kitenzi cha kuripoti, na tutakirudia.

Hatua ya 3: Badilisha nafsi

Ukifuata jedwali tu, unapata hivi:

Atieno alimwambia Wekesa kwamba alikuwa amemwona ndugu yake kule Kondele siku iliyotangulia na kwamba akimpigia simu amwambie angempelekea pesa zake siku iliyofuata.

Kila kiambishi kimebadilishwa sawasawa, lakini sentensi haieleweki. Hesabu baada ya "kwamba" ya kwanza: kuna nafasi kumi na moja za watu, na zote zimejazwa na a-, -m- (au -mw-) na -ake. Watu watatu wamevaa sare moja. Ndugu ni wa Atieno au wa Wekesa? Nani atampigia nani? Pesa ni za nani? Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi, kwa hiyo hata kujua kwamba Atieno ni mwanamke hakutusaidii.

Sababu ni hii. Katika maneno halisi 1 ana ni-, 2 ana u- na ku-, 3 ana a-. Tukiripoti, 1 na 2 wanahamia kwa 3, naye 3 hana pa kwenda. "Pesa zangu", "pesa zako" na "pesa zake" zote huishia "pesa zake". Tofauti iliyopotea lazima uirudishe kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni jina, lakini si kila mahali. Ukiandika Atieno mara tano katika sentensi moja, unachosha. Jina liweke pale tu mtenda anapobadilika. Rudi kwenye nambari zako na uwafuate watenda peke yao: alikuwa amemwona (1), akimpigia (3), amwambie (2), angempelekea (1). Mtenda anabadilika mara tatu. Msomaji akikutana na a- mpya isiyo na jina, kwa kawaida huidhania ni ya mtenda aliyepita. Hapo ndipo anapopotea, na hapo ndipo pa kuweka jina au "nduguye huyo". Mtenda asipobadilika, a- inatosha.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: acha kitenzi cha kuripoti kimtaje mtenda. Ukiandika "alimwomba aondoke", wa kuondoka ni aliyeombwa. Ukiandika "alimwahidi kwamba angeondoka", wa kuondoka ni aliyeahidi. Hakuna jina lililoongezwa, na hakuna utata. "Alimwambia" hakifanyi kazi hiyo: "alimwambia kwamba angeondoka" inaweza kuwa yeyote kati ya wawili hao. Kwa hiyo amri na maombi yapeleke kwa -omba, -agiza, -sihi au -amuru, na ahadi kwa -ahidi. Angalia tu usidondoshe kiambishi cha mtendwa katika -omba. "Aliomba aondoke" inaweza kumaanisha alitaka ruhusa ya kuondoka yeye mwenyewe.

Njia ya tatu ni kukata sentensi. Hakuna kanuni inayodai maneno yote yapite chini ya "kwamba" moja. Tukiziunganisha zote tatu:

Atieno alimfahamisha Wekesa kwamba alikuwa amemwona nduguye Wekesa kule Kondele siku iliyotangulia. Alimwomba Wekesa, nduguye huyo akimpigia simu, amwambie kwamba Atieno angempelekea pesa zake siku iliyofuata.

"Nduguye Wekesa" ni ndugu ya Wekesa, hakuna wa kuhoji. "Alimwomba... amwambie" inamfunga Wekesa kwenye kazi ya kuambia. Jina la Atieno limerudi kabla ya "angempelekea" kwa sababu mtenda amebadilika. "Zake" iliyobaki inaegemea mtu aliye karibu nayo, yule wa kupelekewa, na ndivyo ilivyokuwa katika maneno halisi. Kama Atieno angesema "pesa zangu", ingebidi kuandika "pesa zake mwenyewe Atieno". Usijaribu kueleza pesa hizo ni za deni au za samaki. Atieno hakusema hivyo, na nyongeza ya namna hiyo ni kosa hata sarufi ikiwa safi.

Umeona pia "nitamletea" imekuwa "angempelekea". Kuleta na kuja huelekea anakosimama msemaji au msemeshwa. Anayeripoti akiwa pengine, huwa kupeleka na kwenda.

Sasa tahadhari ambayo vitabu vingi huiruka. Yote hayo yanachukulia kwamba anayeripoti ni mtu wa kando. Wekesa mwenyewe akiripoti, 2 hawi a-, anakuwa ni-: "Atieno aliniomba, ndugu yangu akinipigia simu, nimwambie kwamba Atieno angempelekea pesa zake." Vivyo hivyo kwa tu-. "Tutakutana Kibuye" huwa "wangekutana Kibuye" kama hukuwa miongoni mwao. Kama ulikuwemo, inabaki "tungekutana". Katika mtihani jichukulie wewe ni mtu wa kando, isipokuwa swali liseme vingine.

Hatua ya 4: Wakati

Kitenzi cha kuripoti kikiwa "anasema", nyakati usiziguse. Kikiwa "alisema", -na- huwa "alikuwa aki-", nayo -me- na -li- huwa "alikuwa ame-". Hu- ya mazoea inabaki.

Penye mzozo ni -ta-. Shuleni Kenya -ta- huwa -nge-, nawe andika hivyo ukitaka alama. Lakini -nge- ina kazi nyingine, ya jambo lisilotimia, na ndiyo maana "alisema angekuja" humfanya msomaji asubiri "lakini". Magazeti huandika "waziri alisema serikali itajenga barabara" bila wasiwasi, na katika kumbukumbu za mkutano mimi huacha -ta- ikiwa jambo lenyewe bado liko mbele. Kukanusha, chagua "hangekuja" au "asingekuja". "Hasingekuja" imekanusha mara mbili.

"Akimpigia" nimeiacha na -ki- yake. Wako walimu wanaotaka "iwapo angempigia". Ukijua anayesahihisha ni wa kundi hilo, mpe.

Hatua ya 5: Siku na mahali

Leo ni siku hiyo, kesho ni siku iliyofuata, jana ni siku iliyotangulia, hapa ni hapo au pale, sasa ni wakati huo. Ukiripoti siku ileile, mahali palepale, usibadilishe.

Hatua ya 6: Maswali

Wekesa naye alijibu kwa swali:

"Kwani hana nambari yangu mpya?" Wekesa aliuliza.

Swali la ndiyo au la huchukua "kama" au "iwapo", si "kwamba". Alama ya kuuliza huondoka pamoja na alama za nukuu. Wengi huondoa moja na kuiacha nyingine. "Kwani" nayo huondoka, lakini mshangao wake usipotee, uingie kwenye kitenzi cha kuripoti. Nambari sasa zimepinduka: Wekesa ndiye 1, Atieno ni 2, ndugu bado 3. Mtenda wa "hana" ni 3 na mwenye nambari ya simu ni 1, kwa hiyo "hakuwa na nambari yake" pekee haitoshi:

Wekesa alimuuliza Atieno kwa mshangao iwapo nduguye hakuwa na nambari mpya ya Wekesa.

Hapa tena "nduguye" inayumba kidogo, kwa sababu Atieno ndiye aliyetajwa mwisho. Ikiwa sentensi inasimama peke yake, bila ile ya kwanza mbele yake, andika "iwapo nduguye Wekesa hakuwa na nambari mpya ya Wekesa", na ukubali jina lijirudie.