Kwa nini maneno hupinduliwa katika shloka: jaribio kwa ubeti wa Gita 4:7

Shloka ya kawaida ya Kisanskriti ina mizani 32, yaani vipande vinne vya mizani 8. Aliyezoea ukwapi na utao wa mizani 8 kwa 8 atajiona nyumbani, ila hapa hakuna vina, na mizani hupimwa uzito.

Hatua ya 1. Andika vipande vinne.

```
yadā yadā hi dharmasya
glānir bhavati bhārata
abhyutthānam adharmasya
tadātmānaṃ sṛjāmy aham
```

Katika Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna: kila dharma, yaani uadilifu, inapofifia, ewe mzawa wa Bharata, na adharma, kinyume chake, inapoinuka, hapo najidhihirisha.

Hatua ya 2. Pima mizani ya 5, 6 na 7. Mizani ni nzito ikiwa na irabu ndefu (e na o ni ndefu daima), au irabu fupi inayofuatwa na ṃ, ḥ au konsonanti mbili. Zilizobaki ni nyepesi. Kipande cha 1 na cha 3 hutaka nyepesi, nzito, nzito. Cha 2 na cha 4 hutaka nyepesi, nzito, nyepesi. Katika cha 4 utapata *sṛ-jā-mya*: sawa kabisa. Usikate mizani kwa kufuata mipaka ya maneno, kwani *my* imehamia kwenye *aham*. Vipande vya 1 na 3 vina maumbo mengine yanayokubalika, kwa hiyo usikimbilie kusema mtunzi amekosea.

Hatua ya 3. Rudisha mpangilio wa nathari. Mmiliki hutangulia kinachomilikiwa, na kitenzi hukaa mwisho: *adharmasya abhyutthānam*, kisha *tadā aham ātmānaṃ sṛjāmi*.

Hatua ya 4. Unganisha sauti, uhesabu upya. Hapa ndipo sababu inapojitokeza. *Adharmasya* ikitangulia, a yake ya mwisho humezwa na a ya *abhyutthānam*, tupate *a-dhar-mas-yā-bhyut-thā-nam*: mizani 7. Imepungua moja. Kipande cha 4 kina tatizo la kinyume: *ta-dā-ha-māt-mā-naṃ-sṛ-jā-mi* ni 9. Kitenzi kikitangulia *aham*, i hugeuka y mbele ya a, mizani moja inapotea, tunabaki na 8. Upinduzi mmoja umeongeza, mwingine umepunguza. Anayekariri *sṛjāmi aham* kwa kuyatenga maneno hurudisha ile ya tisa, na mapigo huyumba.

Washairi wetu huita upinduzi huu kuboronga sarufi. Kwa Kisanskriti maana haiguswi, kwa sababu viambishi vya mwisho ndivyo vinavyoonyesha mtenda na mtendwa: *aham* ni mtenda popote ikaapo.

Linganisha na *dharmasya glānir*, ambapo mmiliki ametangulia kama kwenye nathari, kwa sababu mizani inatimia bila kupindua. Basi ukikuta upinduzi mahali ambapo mpangilio wa nathari nao ungetimiza mizani 8 na uzito wake, usiulaumu mzani. Tafuta neno ambalo mtunzi alitaka kulitilia mkazo.