Kupinga bili ya ditensheni pale geti la bandari lilipokataa kontena tupu

Mteja wangu wa vigae, pale Kariakoo, alinipigia akiwa amechachamaa. "Kaka, makontena si yamesharudi? Sasa hawa wananidai nini tena?" Laini, yaani kampuni ya meli yenye makontena, ilikuwa inamdai dola 300 za ditensheni, tozo ya kuchelewa kurudisha kontena: makontena mawili ya futi 40, siku tano kila moja, dola 30 kwa siku. Laini ilituelekeza tuyarudishe matupu ndani ya bandari badala ya depo, kwa kuwa ilikuwa na meli ya kuja kuyachukua. Yadi ya terminali ikajaa. Lori likifika getini, linageuzwa. Mwisho wa yote alilipa dola 120, na nitaeleza kwa nini hakulipa sifuri.

Hatua ya 1: Jua unachodaiwa

Storeji ni tozo ya terminali, kwa kontena kukaa kwenye yadi yake. Demareji ni ya laini, kwa siku ambazo kontena limekaa bandarini na mzigo wake. Ditensheni ni ya laini pia, tangu kontena litoke getini hadi lirudi tupu. Zipo laini zinazohesabu hizo mbili pamoja tangu kushushwa melini, kwa hiyo soma kotesheni yako uone siku za bure ni ngapi na zinaanza lini. Halafu linganisha tarehe za invoisi na interchenji, ile karatasi unayopewa kontena linapopokelewa. Zikipishana, bili inaanguka hapo hapo.

Hatua ya 2: Tengeneza ushahidi wa kugeuzwa

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima, na ndipo madai mengi hufia.

Kontena likipokelewa unapata interchenji. Likikataliwa hupati kitu. Mlinzi anamwambia dereva, "Mkuu, tupu hazipokelewi leo, geuza," na dereva anageuza. Kwenye mfumo wa laini ni kama hukuwahi kwenda. Ukija kulalamika wiki mbili baadaye watakuuliza swali moja tu: una uthibitisho gani kwamba lori lilifika? Kwa hiyo karatasi ya kukataliwa lazima uitengeneze mwenyewe, saa ile ile.

Dereva wetu alifika getini tarehe 12 Juni, saa 11:40 alfajiri. Siku za bure zilikuwa zinaisha tarehe 14. Alipiga picha nzuri kabisa: namba ya kontena inasomeka, geti linaonekana nyuma, foleni imepinda hadi barabarani. Akanirushia kwa WhatsApp, nami nikaituma laini. Wakajibu kwamba picha haina tarehe. Nikabisha, kisha nikaifungua kwenye kompyuta nikakuta kweli: WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kufuta taarifa za saa na mahali ilipopigwa. Picha halisi ilikuwa bado kwenye simu ya dereva, naye alikuwa njiani Morogoro. Tangu siku hiyo madereva wangu hutuma picha kama *Document*, maana kwa njia hiyo faili hufika lilivyo. Na hawafuti kitu hadi niwaambie.

Picha peke yake haitoshi, kwa sababu inaonyesha lori lipo getini lakini haisemi kwamba lilikataliwa. Ongeza ripoti ya trekaa ya lori, inayoonyesha limefika saa ngapi, limesimama muda gani na limeondoka likielekea wapi. Kama terminali inapokea kwa miadi, piga skrinshoti ya ukurasa usio na nafasi, saa ikionekana. Kama imetoa tangazo la kusimamisha tupu, lihifadhi siku hiyo hiyo, maana matangazo hayo huondolewa.

Lakini kilichotuokoa kuliko vyote ni barua pepe fupi niliyoituma laini lori likiwa bado kwenye foleni:

> Kontena tajwa liko getini tangu saa 11:40 alfajiri, tayari kurudishwa mahali mlipotuelekeza. Geti limekataa kulipokea kwa kuwa yadi imejaa. Tafadhali tupeni leo mahali pengine pa kulirudisha, au thibitisheni kwamba hesabu ya siku imesimama.

Hawakujibu hadi tarehe 17, na ukimya huo ukawa silaha yetu. Laini ikisema msongamano wa bandari hauko mikononi mwake, jibu ni kwamba mahali pa kurudisha ni yeye aliyepachagua, na tulipoomba pengine hakutupa. Ndiyo maana simu siipendi kabisa kwa kazi hii. Karani atakwambia "sawa, tumeona", na mwezi ujao hayupo kwenye dawati lile.

Kumbuka kwamba hoja hii ina nguvu kwenye kurudisha tupu. Kama msongamano ulikuchelewesha kutoa kontena lenye mzigo, hali ni ngumu zaidi. Itabidi uonyeshe kwamba forodha walishaachia, malipo yote yalishafanyika, delivari oda, kile kibali cha laini cha kuchukua kontena, ilikuwa hai na lori lilikuwepo. Siku yoyote ambayo kimojawapo kilikosekana ni yako.

Hatua ya 3: Gawa siku, moja moja

Mteja alitaka tupinge zote kumi. Nilikataa. Kontena la kwanza lilikuwa tupu tangu tarehe 11 na lilipelekwa tarehe 12 na 13, kwa hiyo tarehe 15 hadi 19 tulizipinga zote tano. La pili lilikuwa bado lina vigae hadi tarehe 16, kwa sababu vibarua hawakupatikana, na lilipelekwa getini kwa mara ya kwanza tarehe 17. Tarehe 15 na 16 zilikuwa zetu, nasi tukazikubali kwa maandishi. Tukapinga siku nane, dola 240.

Laini ilifuta sita. Walionyesha kwamba geti lilifunguliwa tena tarehe 18 mchana, nasi tulirudisha tarehe 19. Ni kweli, lori letu lilikuwa Chalinze. Zikabaki siku nne, dola 120. Nina hakika kukubali zile mbili ndiko kulikofanya zile sita zisomwe.

Hatua ya 4: Andika barua ya ukurasa mmoja

Weka namba ya invoisi, namba ya bili ya shehena na za makontena, kisha jedwali la tarehe na ushahidi wa kila siku. Mwishoni taja kiasi unachokubali na unachopinga. Usieleze hasara za biashara yako. Pia usinakili barua za mtandaoni zinazotaja kanuni za tume ya usafiri wa baharini ya Marekani, ile FMC. Kanuni yao inampa mdaiwa siku 30 za kupinga, lakini haina nguvu kwenye mzigo wa Dar.

Hatua ya 5: Linda dhamana

Kama uliweka dhamana ya kontena, laini inaweza kukata deni humo. Kabla hujasaini fomu ya kurudishiwa, soma kama imeandikwa kwamba huna madai mengine. Ikiwa imeandikwa hivyo, usisaini hadi pingamizi lijibiwe.

Sehemu unayokubali ilipe mara moja, ukitaja ni ya kontena gani na tarehe zipi. Ukiwa na mzigo mwingine njiani na wanakunyima delivari oda, lipa yote, lakini siku hiyo hiyo andika kwamba umelipa kwa pingamizi na unadai kurejeshewa kiasi fulani.

Hatua ya 6: Wakikaa kimya

Kumbusha mara mbili kwa barua pepe ile ile, usianzishe mpya. Kisha peleka lalamiko TASAC, ambao ndio wanaosimamia mawakala wa meli Tanzania, ukiambatisha mfululizo mzima wa mawasiliano. Sisi hatukufika huko. Nilipowaandikia kwamba faili liko tayari kwenda, jibu lilikuja kesho yake saa nne asubuhi, na invoisi mpya ndani yake.