Batani moja, hesabu moja

Wakuu mnaocheza na saketi hapa Dar, kama kaunta yako inaendelea kuhesabu ukishikilia batani, chukua 74HC74 moja tu, ndani ina flipuflopu mbili. Batani ingia D1, Q1 ipeleke D2, kloku moja kwa zote, halafu geti ya AND ichukue Q1 na Q̅2. Ukibonyeza, Q1 inapanda kwanza, Q2 inachelewa kloku moja, na ni katika huo upenyo tu geti inatoa 1, basi, hata ukishikilia mpaka kesho. Hiyo palsi ipeleke inebo ya kaunta inayotumia kloku hiyohiyo.

Usiruke flipuflopu ya kwanza, maana batani haifuati kloku na palsi itatoka imekatwa. Kloku weka 50 Hz, yaani 20 ms, batani nyingi zinakuwa zimeshaacha kurukaruka, ukiweka 1 kHz utaona hesabu za ziada.

Bila kloku, 555 inafanya kazi hiyo kwa palsi ya 1.1RC: 10k na 10µF ni 110 ms. Ila pini 2 ikibaki chini muda mrefu kuliko huo palsi nayo inarefuka, so pitisha trigari kwenye kapasita ndogo kwanza, na rezista ya kuivuta pini juu.