Kodi, zamu na wageni: kikao kilichoituliza nyumba yetu ya Isevya

Ukitoka Kenya kuja kusoma Tabora, malipo ya nyumba ndiyo yatakayokushtua kwanza. Kwetu Kisumu nilizoea kulipa mwezi kwa mwezi. Hapa wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Kwa hiyo ukikosana na wenzako wiki ya pili, huondoki. Pesa yako imeshaingia, na miezi mitano bado mnatumia choo kimoja.

Sisi tulikuwa wanne Isevya: mimi, mwenzangu wa Bujumbura, dada wa Nzega na kaka wa Urambo. Nyumba ilikuwa 200,000 kwa mwezi, yaani 1,200,000 kwa miezi sita. Tuligawana sawasawa, 50,000 kila kichwa, tukaona tumetenda haki. Hatukuwa tumetenda haki. Dada wa Nzega alikuwa na chumba chenye choo na bafu ndani, na yule wa Bujumbura alilala kwenye chumba ambacho kitanda kikiingia, mlango haufunguki wote. Hakulalamika. Alianza tu kuchelewesha hela ya umeme, nasi tukamwita bahili.

Ugomvi wenyewe ulilipuka usiku kwenye LUKU. Kaka wa Urambo alinunua umeme wa 5,000, akaingiza tarakimu zote 20, mita ikaonyesha uniti chache kuliko zile za wiki iliyopita kwa pesa ileile. Akadhani tunamwibia. Kumbe tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, na anayenunua wa kwanza mwezini ndiye anayekatwa. Ujumbe wa simu ulionyesha makato, ila hakuna aliyekuwa amewahi kuusoma hadi mwisho. Soma ujumbe huo, uuhifadhi, kisha mzungumze na mwenye nyumba, maana jengo ni lake.

Hatukukaa kikao usiku ule, na nakusihi nawe usikae siku ya ugomvi. Tulisubiri Jumapili baada ya chakula, tukatandika mkeka uani, simu tukaziweka ndani. Tulimwomba mama jirani aongoze, kwa sababu kiongozi akiwa mmoja wenu, kila anachosema kitaonekana anajitetea. Aliamua kitu kimoja ambacho kilituokoa: mwenye chumba kibaya kuliko vyote aanze kusema, na asikatizwe.

Tulianza na pesa. Chumba chenye choo kikawa 65,000, viwili vya kati 50,000, kile kidogo 35,000. Jumla ni 200,000 ileile. Kwa miezi sita ni 390,000, 300,000 mara mbili, na 210,000. Dada wa Nzega aliguna, akaambiwa anaweza kubadilishana chumba. Hakutaka, akakubali. Tukaongeza kwamba fungu la kila mtu liwe tayari siku 14 kabla ya tarehe ya kulipa, kwa sababu hela ya nyumbani ikivuka mpaka huchelewa, na mwenye nyumba hajui habari za mpaka. Anayehama katikati atafute mtu wa kuingia badala yake ndipo arudishiwe salio. Risiti na mkataba viwe na majina yote manne. Ikiandikwa jina moja, mwenye jina ndiye mpangaji mbele ya serikali ya mtaa, ninyi wengine ni wageni wake.

Zamu hazikutuchukua muda. Choo na uwanja, kila mtu wiki yake, karatasi ibandikwe mlangoni. Sufuria ya ugali iloweshwe na kuoshwa na aliyesonga, kabla hajalala.

Wageni walituchukua saa nzima, kwa kuwa binamu wa mmoja wetu alikuja kwa siku tatu akakaa 19. Hapo mama jirani akasema, "Wanangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenu ni lipi?" Tukakubaliana: taarifa siku moja kabla, usiku tatu bure, kuanzia wa nne mwenyeji anatia 1,500 kwenye kopo la LUKU na maji, na kuzidi wiki ni hadi wote waridhie. Usiku huhesabiwa kwa mwezi mzima, mtu asitoke leo akarudi kesho kuanza upya. Mgeni anayetoka nje ya nchi apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa na pasipoti yake, na tarehe za muhuri wake mzijue wote.

Tuliandika yote kwenye kaunta buku, kila sharti na kiasi chake, siku yake, na kinachofuata mtu akilikiuka. Tukatia sahihi, tukalijaribu mwezi mmoja, kisha tukakaa tena na kufuta lililoshindikana, faini ya kuchelewa kudeki. Tangu hapo wawili wamehama, wengine wameingia. Kila anayekuja kuona chumba hupewa kwanza buku hilo alisome pale uani, kabla hajatoa hata shilingi.