Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoa Utepe wa Kijani au Mweupe Kwenye Picha Iliyokatwa

Tuchukue picha ya mtu mwenye nywele za msokoto aliyepigwa mbele ya kitambaa cha kijani, ambaye sasa anatakiwa kukaa juu ya mandhari ya buluu iliyokolea. Umemkata vizuri kwenye Photoshop, lakini ukimweka mahali pake unaona utepe mwembamba wa kijani ukimzunguka kichwani na mabegani. Wengi hukimbilia kusogeza ukingo ndani. Utepe hupungua, na nywele hupungua nao. Kabla ya kugusa kitelezi chochote, inafaa ujue ule ukijani umekaa wapi.

Umekaa ndani ya pikseli zenyewe. Unywele ni mwembamba kuliko pikseli moja, kwa hiyo kamera hurekodi mchanganyiko wa unywele na kitambaa. Tuseme rangi halisi ya unywele ni 40, 30, 25 (nyekundu, kijani, buluu) na kitambaa ni 0, 200, 60. Pikseli iliyogawana nusu kwa nusu itakuwa takriban 20, 115, 43. Maski ikiipa uwazi wa nusu, kama inavyostahili, na mandhari mpya ikiwa 20, 30, 60, kitakachoonekana ni karibu 20, 73, 52. Huo ni ukijani wa wazi kabisa, ingawa maski haina kosa lolote. Rangi ya pikseli hiyo ingerudishwa kwanza kuwa 40, 30, 25, matokeo yangekuwa 30, 30, 43, yaani unywele mweusi unaoyeyukia kwenye buluu. Ndiyo maana rangi hushughulikiwa kwanza, na ukingo husogezwa baadaye, kidogo tu.

Weka mandhari mpya chini ya picha kabla ya kuanza. Miraba ya kijivu na nyeupe inayoonyesha uwazi hudanganya, maana utepe mweupe hujificha juu yake. Ndani ya Select and Mask bonyeza Y upate On Layers, uone kazi juu ya mandhari yenyewe. Kisha pitia On Black kwa herufi A na On White kwa herufi T. Mweupe hujitokeza kwenye nyeusi, na mabaki meusi hujitokeza kwenye nyeupe.

Angalia pia faili unayoanza nayo. JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwanga, mara nyingi rangi moja kwa kila kundi la pikseli nne, hivyo kijani cha kitambaa huvuja hadi ndani ya bega. Kama faili ghafi ya kamera ipo, anza na hiyo. Kama haipo, tegemea utepe mpana zaidi, na usijilaumu.

Jambo linalowapoteza watu zaidi ni kuchanganya utepe na mwanga wa kijani uliodunda kutoka kwenye kitambaa na kutua juu ya ngozi au nguo. Utepe una upana wa pikseli moja hadi tatu. Mwanga uliodunda huingia ndani, hufifia polepole, na hukaa kwenye pikseli ambazo maski imezionyesha kikamilifu. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu Decontaminate Colors huchukua rangi kutoka sehemu za ndani zilizo karibu na kuzieneza hadi ukingoni. Ikiwa sehemu ya ndani nayo ina kijani, itaeneza kijani hichohicho. Kwa hiyo safisha mwanga huo mapema, kwenye nakala ya leya. Tumia Hue/Saturation, chagua Greens, punguza Saturation hadi kijani kwenye shavu na bega kife, ukiwa umefunika kwa maski nguo yoyote ambayo ni ya kijani kweli. Ngozi ikibaki ya kijivu, fungua leya mpya ya hali ya Color, chukua rangi ya ngozi ya jirani na upake kwa brashi laini. Ukiridhika, unganisha marekebisho hayo na nakala ile, ili Decontaminate Colors isome rangi zilizokwisha kusafishwa.

Halafu amua nywele na mwili vitakwenda njia tofauti. Shift Edge huathiri ukingo wote kwa mara moja, na kinachofaa bega lenye mstari mkali huua nywele. Tengeneza nakala mbili za leya iliyosafishwa. Ya mwili ipe Shift Edge ya -10 hadi -20 asilimia. Kitelezi hiki husogeza ule ukanda laini wa ukingo, kwa hiyo ukingo usio na ulaini wowote hautasogea kwa maana. Ukiona hausogei, ongeza Feather ya pikseli 0.5 kwanza. Ya nywele iache Shift Edge kwenye 0, pitisha Refine Edge Brush juu ya nywele zilizotawanyika, kisha washa Decontaminate Colors na uanze na Amount ya 50. Panda polepole hadi kijani kitoweke, na usimame hapo. Dalili ya kuzidisha ni nywele kupoteza mng'ao na kuwa za rangi moja, au michirizi ya rangi kutoka paji la uso kuelekea nje.

Kabla ya kubonyeza OK, hakikisha umbo la maski limekamilika. Decontaminate Colors hubadilisha pikseli zenyewe, ndiyo sababu programu hulazimika kutoa leya mpya, na chaguo la kawaida ni New Layer with Layer Mask. Ukija baadaye kupaka nyeupe kwenye maski hiyo ili kurudisha kipande cha nywele, usishangae ukiona uchafu wa rangi zilizosambazwa badala ya picha ya awali. Leya ya awali huwa imefichwa tu, haijafutwa, kwa hiyo ni afadhali kurudia kutoka hapo kuliko kutia viraka.

Unapokutanisha nakala mbili, ifiche ya mwili kwenye eneo la nywele na ya nywele kwenye mabega. Zikipandana, pikseli mbili za uwazi wa nusu hujumlika kuwa robo tatu, na ukingo unanenepa ghafla mahali pa kuungana.

Kwa utepe mweupe hesabu ni ileile, ila kuna njia fupi: Layer, Matting, Remove White Matte. Hiyo hudhani mandhari ya zamani ilikuwa nyeupe tupu. Karatasi ya studio iliyotoka na thamani ya 225 badala ya 255 si nyeupe tupu, na ukingo utaharibika badala ya kusafishika, hivyo pima kwanza kwa Eyedropper. Amri hiyo hutegemea uwazi ulio kwenye leya yenyewe, si kwenye maski, kwa hiyo ifanye kwenye nakala ambayo umeipitishia Apply Layer Mask. Defringe iliyo kwenye menyu hiyohiyo, kwa pikseli 1 au 2, hufaa kikombe au kiatu chenye ukingo mkali, lakini nywele huzifanya zionekane kama zimepakwa rangi.

Kagua kwa ukubwa wa asilimia 100 juu ya mandhari ya mwisho. Kwa asilimia 400 utaona kasoro ambazo hakuna atakayeziona, na utaanza kula nywele bila sababu. Mandhari ikibadilishwa kutoka buluu kwenda krimu, rudi kwenye nakala ya nywele peke yake, maana kijani kilichobaki kidogo mno kuonekana kwenye giza hujitokeza mara moja kwenye rangi hafifu.