Jinsi ya kuomba data ya YouTube Music ya marehemu, na kubaki na nyimbo zake

Wiki mbili baada ya mazishi, mama mmoja aliingia saiba ninayofanya kazi hapa Kondele, Kisumu, akiwa na simu mbili mkononi: yake na ya marehemu mumewe. Mzee alikuwa na duka la kinyozi. Kila asubuhi, kabla hajafagia, alikuwa akifungua YouTube Music na kuicheza orodha yake ya nyimbo 137: benga ya zamani, rumba, na nyimbo nne za kwaya ya kanisa lao.

"Mwanangu, hii simu bado inaimba," akaniambia. "Lakini kijana anataka kuifuta aitumie yeye. Nyimbo zitaenda wapi?"

Simu ilikuwa bado inaimba kwa sababu mzee alikuwa amelipia na kupakua. Nyimbo zilizopakuliwa hivyo hukaa ndani ya programu tu, huwezi kuzihamishia kwenye memori kadi, na simu isipoingia mtandaoni ndani ya siku 30 zinafungwa. Malipo yakikatika, zinafungwa pia. Ni kama mzee alikuwa amepanga nyumba, hakuinunua. Kilicho chake ni viwili: ile orodha yenyewe, na nyimbo nne za kwaya, kwa kuwa alizipandisha mwenyewe kutoka kwenye kompyuta.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba simu isifutwe. Simu ya Android ikifutwa kwa nguvu, ikiwaka tena hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Kijana angebaki na simu iliyofungwa na familia ibaki bila orodha. Laini nayo ikae humo humo na iwekwe salio mara moja moja, maana Google ikitaka kuthibitisha mwenye akaunti, namba ya siri inaweza kutumwa kwenye laini hiyo. (Pesa za M-Pesa zina njia yake ya kisheria, usiziguse kupitia simu ya marehemu.)

Jambo la pili ni kunakili orodha kabla ya kuandika ombi lolote. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ifungue orodha kwenye simu ya marehemu, ingia sehemu ya kuihariri, na kama faragha yake ni "Private" ibadilishe iwe "Unlisted". Sasa itume kwa WhatsApp kwenye simu yako. Ukiifungua kwako, menyu ya vitone vitatu ina maneno mawili yanayofanana. "Save playlist to library" huweka alama tu: orodha inabaki ya marehemu, na siku akaunti ikifungwa inapotea na kwako. "Save to playlist" ndiyo unayoitaka, kwa sababu inachukua nyimbo zote na kuziingiza kwenye orodha mpya iliyo chini ya akaunti yako. Mama alikuwa amekwisha kubonyeza ile ya kwanza nyumbani akadhani kazi imeisha.

Kisha piga picha za skrini za orodha nzima, toka juu hadi chini. Nitakueleza sababu mbele kidogo. Nyimbo zilizopandishwa na marehemu hazitakuja kwako kwa kiungo, kwani ni za akaunti yake peke yake. Kwa hizo ndipo ombi linahitajika.

Ombi halisongi bila cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi, ingawa kila wiki mtu huniletea hicho nikiskani. Aliyefia hospitalini, hospitali hutoa taarifa ya kifo. Aliyefia nyumbani, naibu wa chifu ndiye huandikisha. Ukiwa na karatasi hiyo, unaomba cheti kupitia eCitizen kwenye idara ya usajili wa raia, au unakwenda Huduma Centre. Linganisha jina herufi kwa herufi na la kitambulisho. Jina la tatu likiandikwa vibaya, rekebisha kabla ya kwenda mbele. Vyeti vyetu viko kwa Kiingereza, kwa hiyo gharama ya mtafsiri huna.

Fomu ya Google iko hapa:

```
support.google.com/accounts/troubleshooter/6357590
```

Inakuuliza unataka nini. Chagua "Obtain data from a deceased user's account". Kuna chaguo jingine, la kufunga akaunti, na watu hulichagua wakiona ndilo la heshima kwa marehemu. Liache kwanza. Ukishafunga, hakuna cha kuombea data.

Baada ya hapo unajaza jina kamili la marehemu, barua pepe yake, tarehe ya kifo, jina lako na anwani yako, na uhusiano wenu. Barua pepe ndiyo funguo ya yote. Mzee wa kinyozi alikuwa na mbili, na aliyokuwa akiitoa kwa wateja siyo iliyokuwa na nyimbo. Gusa picha ya duara juu kulia ndani ya YouTube Music uone iliyomo. Unaambatisha skani ya kitambulisho chako na ya cheti cha kifo. Picha iliyopigwa gizani yenye kona iliyokatika itakurudisha nyuma, kwa hiyo tumia skana.

Usitegemee nenosiri, Google hailitoi kwa yeyote. Ombi hukaguliwa moja moja, na kwa data wanaweza kudai amri ya mahakama ya Marekani. Kwa nyimbo nne za kwaya sidhani kuna familia ya Kisumu itakayofika huko, ndiyo maana nasisitiza kunakili mapema.

Ikikubaliwa, tarajia mafaili yanayofanana na yale Google humpa mwenye akaunti anapopakua data yake. Nyimbo alizopandisha huja kama mafaili kamili ya sauti, na hizo unaweza kuziweka kwenye flashi. Orodha huja kama CSV, yaani faili la jedwali, na ukiifungua utashtuka, kwa kuwa haina jina hata moja la wimbo. Ina namba ya video na tarehe ilipoongezwa, basi. Namba hiyo unaipachika mwishoni mwa anwani hii:

```
https://www.youtube.com/watch?v=
```

Benga nyingi ya zamani imepandishwa na mashabiki, na mwenye haki akilalamika video huondolewa. Namba inabaki kwenye CSV lakini haifungui kitu, na hutajua ulikuwa wimbo gani. Picha za skrini ndizo zitakuambia. Kwa mama, orodha mpya ilikuja na nyimbo 127: zilikosekana zile nne za kwaya na nyingine sita. Tulitafuta majina ya hizo sita kwenye picha, tukapata nne zimepandishwa na watu wengine, tukaziongeza.

Kuna saa inayokwenda pia. Akaunti ya Google isiyotumika miaka miwili inaweza kufutwa, utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023. Simu ikiwa bado imeingia kwenye akaunti, kutazama video moja ya YouTube kunahesabiwa kuwa matumizi.

Ombi la mama bado linakaguliwa. Simu iko kwenye rafu ya kinyozi, karibu na kioo. Kijana huichaji Jumamosi, akaifungulia video moja, halafu akacheza wimbo mmoja wa kwaya kabla ya mteja wa kwanza.