Mgeni akifika amechoka, anza na pole

Kwa wenzangu wa mapokezi: mgeni aliyetoka Dar hadi Mwanza kwa basi amekaa kitini zaidi ya kilomita 1,100. Swali la kwanza lisiwe "Una bukingi?" Simama, mpokee begi, useme: "Shikamoo mama. Pole sana na safari. Karibu, keti kwanza." Maji ya kunywa yamfikie kabla ya fomu.

Hiyo fomu ndiyo inayowachosha watu. Jina na simu yake unavyo tangu alipoweka nafasi, kwa hiyo vijaze jioni, na ufunguo uutenge. Akishakunywa maji: "Mama, nimeshakujazia. Naomba kitambulisho, na saini yako hapa tu." Ukikinakili, mrudishie mkononi palepale. Wengi hukisahau kaunta wakiwa na usingizi.

Halafu usimhutubie. Mwambie ya usiku huu tu: namba ya chumba, maji ya moto yanawashwaje, jiko linafungwa saa ngapi. Saa za chai na nywila ya waifai ziwe kwenye kikaratasi cha ufunguo. Akikuuliza tena namba ya chumba, ujue umeongea mno.

Chumba kikiwa hakijawa tayari, usiseme "sasa hivi". Waulize wa usafi, kisha mpe dakika za kweli: "Bado dakika 15, mama. Bafu la kunawa uso ni lile pale, begi nakutunzia mimi."